Usikate mpaka tanga lijae

Ujumbe wa kwanza niliomwandikia edita ulikuwa na maneno kumi na mawili: "Mdogo wangu, naomba video ya sekunde 30, iwe kali, iwe na mzuka." Nikamrushia klipu 41 kwa WhatsApp, nikaweka simu chini nikaendelea na shughuli zangu. Akajibu, "Sawa dada, nimekupata." Siku mbili baadaye nilipofungua kazi yake niliona kwamba hakuwa amenipata hata kidogo, na nilipotulia nikaona pia kwamba asingeweza kunipata kwa maneno yale.

Tuko Bagamoyo. Mimi, mume wangu na shemeji yangu tuna mashua moja, na tunapeleka wageni safari ya siku nzima. Asubuhi wanatembea Mji Mkongwe, kisha wanakwenda Kaole kuona magofu ya msikiti na makaburi ya kale yenye nguzo ndefu, halafu maji yakianza kutoka tunapanda mashua kwenda funguni. Fungu la mchanga huonekana maji yakikupwa tu, kwa hiyo saa ya kuondoka hupangwa na bahari. Wageni wetu wengi ni familia za Dar es Salaam zinazokuja wikiendi. Tulitaka promo moja fupi ya kuwavuta hao hao, watu wanaopitisha kidole kwenye simu wakiwa kwenye daladala.

Edita ni kijana anayejitegemea, anaishi Dar, na kazi zake za harusi na matangazo ya maduka nilizipenda. Bagamoyo hajafika. Hilo la kutofika ndilo nililolisahau kabisa.

Video aliyoniletea ilikuwa na picha 27 ndani ya sekunde 30. Ukigawanya, kila picha inapata sekunde moja na kidogo. Ilikuwa na mzuka kweli, kama nilivyoomba. Lakini nilipomwonyesha jirani yangu na kumwuliza ameona nini, akasema ameona bahari na watu wanacheka. Mlango wa nakshi hakuuona. Kaole hakuiona. Mashua aliiona, ila hakujua kama ni ya injini au ya tanga.

Jambo lililoniuma zaidi ni tanga. Shemeji anapotweka tanga, kazi yote inachukua kama dakika moja. Foromali, ule mti unaobeba tanga, inapanda polepole, kitambaa kinaning'inia kimelegea, kinapigapiga, mashua iko kimya. Halafu upepo unakishika. Tanga linajaa kwa mkupuo mmoja, mashua inalala upande kidogo na kuanza kwenda, na kila mgeni aliyemo ndani hutoa sauti bila kujijua. Nimeshuhudia mara nyingi sana na bado hunisisimua. Edita alichukua klipu hiyo akaikata vipande vitatu, sekunde moja moja, foromali ikipanda. Kipande cha tatu kiliishia tanga likiwa bado limelegea. Kujaa kwenyewe alikuacha nje. Kwa macho ya mtu ambaye hajapanda mashua, picha ile ilikuwa ya mtu anavuta kamba kwa muda mrefu, na kitu kirefu kinakatwa.

Mwisho wa video akaweka picha aliyoipakua mtandaoni: jua jekundu linazama baharini, minazi pembeni. Ni picha nzuri. Ila Bagamoyo bahari iko mashariki. Jua letu linatoka majini alfajiri na jioni linazama nyuma ya mji. Mtu yeyote wa pwani hii angeiona ile picha na kujua kwamba hawa watu wa safari wanaweka picha za kwingine, na akishajua hivyo, kwa nini aamini kwamba fungu ni letu?

Nilimpigia. Akaanza kwa adabu, "Shikamoo dada." Nikaitikia, "Marahaba mdogo wangu, hujambo?" Nikamwambia kwa upole kwamba sijaridhika. Akauliza, "Sehemu gani dada?" Nikajikuta nasema, "Zote, iwe na hisia zaidi." Akanyamaza kidogo, kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Dada, hisia siwezi kuikata. Niambie sekunde ya ngapi, nione nini."

Tulikuwa tumekubaliana marekebisho mara mbili ndani ya bei, na baada ya hapo kila mara kwa malipo mapya. Mara ya kwanza nilikuwa karibu kuipoteza kwa kutuma sauti moja baada ya nyingine kila nilipokumbuka jambo. Nikaacha. Nikakaa jioni nzima na daftari, nikatazama klipu zote upya, nikaandika ujumbe mmoja. Ujumbe huo ndio ninaotaka kuueleza hapa, sehemu kwa sehemu, kwa sababu tangu siku ile situmii mtindo mwingine.

Kabla ya maneno, nilianza na klipu zenyewe. WhatsApp ilikuwa imezibana, ubora umeshuka, na majina ya mafaili yamebadilika, kwa hiyo mimi nilikuwa na `IMG_2041` na yeye ana jina jingine kabisa kwa klipu ile ile. Hatukuwa na namna ya kuelewana kuhusu picha gani. Nikapandisha mafaili ya asili kwenye folda ya Drive usiku, bando likaisha, nikanunua jingine. Tangu hapo kila nikitaja klipu nilitaja jina lake na sekunde za ndani yake: "`IMG_2041`, anzia 0:31, ishia 0:37." Edita alisema mstari mmoja wa namna hiyo unamwokolea dakika kumi za kutafuta.

Kisha nikaandika video ni ya nani na itachezwa wapi, sentensi mbili tu, kwa kuwa mambo mengine yote yanategemea hapo. Familia za Dar, simu iliyosimama wima, wengi sauti wamezima. Toleo la pili ni la televisheni ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni moja hapa mjini, inayochezwa kutoka kwenye flashi.

Halafu nikaja kwenye mikato na mwendo. Hapa nitakaa kidogo.

Muziki wetu ni ngoma tuliyorekodi wenyewe ufukweni, vijana wa mtaani walipiga na tukawalipa. Edita alikuwa amenifundisha kwenye simu namna ya kupima mwendo wake: hesabu midundo kwa sekunde sita, zidisha kwa kumi. Nilihesabu kumi, yaani midundo 100 kwa dakika. Mdundo mmoja basi ni sekunde 0.6, na midundo minne ni sekunde 2.4. Sekunde 30 zinabeba midundo 50. Baada ya kujua hivyo, sikuhitaji tena kusema "haraka" au "taratibu". Niliweza kusema picha hii ikae midundo minne, ile midundo miwili, na yeye akajua hasa.

Nikagawa video hivi. Picha ya kwanza ni fungu lenyewe, mchanga mweupe katikati ya bahari na watoto watatu wanakimbia, midundo minne. Niliitanguliza kwa sababu ndiyo picha ambayo mtu wa Dar hawezi kuiona kwao, na asiposimama hapo hatasimama kwingine. Kisha Kaole, picha mbili za midundo minne kila moja: nguzo za makaburi kwa mbali, halafu mkono wa mgeni unagusa ukuta wa matumbawe. Mahali pale panataka utulivu, ukipakimbiza panakuwa mawe tu. Baada ya hapo Mji Mkongwe, picha nne za midundo miwili miwili, milango na vibaraza na uchochoro, kwa kuwa milango inaeleweka kwa kutazamwa mara moja. Hapo tumefika sekunde ya 12.

Sekunde ya 12 hadi ya 18 ni tanga. Midundo kumi, picha moja, bila mkato. Niliandika hivi neno kwa neno: "Usikate mpaka tanga lijae. Anzia linapoanza kupigapiga, usianzie mwanzo wa kutweka. Upepo ulishike kwenye mdundo wa saba. Ngoma ishuke chini kabisa hadi hapo, tusikie kitambaa na maji, na tanga likijaa ngoma irudi yote kwa pamoja. Hii ndiyo sababu ya video nzima. Picha nyingine zote zikikosea kidogo nitavumilia, hii siwezi."

Maelezo hayo yana kitu ambacho namba peke yake haina. Kama ningesema "sekunde sita bila kukata" tu, angeweza kuchukua sekunde sita zozote za ile dakika moja. Nilipomwambia jambo gani lazima lionekane kabla ya kukata, na kwa nini, alitafuta mwenyewe mahali pa kuanzia. Akaniandikia baadaye kwamba kwenye `IMG_2041` upepo ulishika kwa kuchelewa na kitambaa kilijikunja, lakini kwenye `IMG_2043` ulishika vizuri na pia unamsikia mtoto akisema "Yewee!" Akaniomba ruhusa atumie hiyo. Mimi nilikuwa sijaisikia sauti ya mtoto.

Baada ya tanga kujaa, mwendo unakuwa wa kasi: picha tano za midundo miwili miwili, maji yanapasuka mbele, nywele zinapeperuka, mkono wa shemeji kwenye usukani, vicheko, fungu linakaribia. Kasi hiyo inanoga kwa sababu mtu ametoka kusubiri sekunde sita. Katika video ya kwanza kila kitu kilikuwa cha kasi, na jicho lilipozoea kasi halikuiona tena. Kisha samaki wa kupaka kwenye sinia, midundo minne. Mwisho mashua inarudi ufukweni, midundo sita, na juu yake bei na namba ya simu. Ukijumlisha ni picha 15 na sekunde 30 kamili. Mdogo wangu alizihesabu akanijibu, "Dada, hesabu yako imetoka sawa," na nilifurahi kama mwanafunzi.

Aliniongezea tahadhari moja. Wapigaji ngoma wa kweli hawaendi kama saa. Wakichangamka wanaongeza mwendo. Ukiweka mikato kwa hesabu tupu ya 0.6, kufikia katikati ya video mikato itakuwa imeachana na ngoma na macho yatahisi kuna kitu hakikai, hata kama mtu hawezi kusema ni nini. Kwa hiyo yeye hutumia hesabu kupanga, halafu huweka alama za mdundo kwa sikio, mmoja mmoja. Nikaandika kwenye ujumbe kwamba hesabu zangu ni za kupangia, sikio lake ndilo la mwisho.

Nikamalizia sehemu hiyo kwa mstari kuhusu jua: usiongeze picha yoyote isiyomo kwenye folda, na ikikosekana picha niambie, nitakwenda kuipiga kesho asubuhi.

Maandishi ya kwenye video yalinichukua muda kuliko nilivyotarajia. Toleo la kwanza lilikuwa na ule mtindo wa neno moja moja, makubwa, ya njano, yanaruka katikati ya picha kadiri shemeji anavyosema. Yalikuwa yameandikwa na programu yenyewe kutokana na sauti, na programu ilikuwa imeandika Kaole kwa herufi zisizo zake, na "kupwa" ikaiandika "kubwa". Maji yamekubwa! Pia yalikaa juu ya nyuso. Lakini hata yangekuwa sahihi, mtindo ule hauifai Kiswahili chetu. Neno letu moja hubeba sentensi. "Tutakapowafikisha" ni herufi 17. Likitokea peke yake kwa nusu sekunde hulisomi, unaliona linapita.

Nikaomba maandishi ya mistari isiyozidi miwili, herufi za kawaida na si kubwa tupu, fonti nene isiyo na mikia, rangi nyeupe yenye ukingo mweusi mwembamba. Ukingo ni wa lazima kwetu kwa sababu mchanga wa fungu na tanga vyote ni vyeupe, na maandishi meupe yasiyo na ukingo yalipotea humo. Nikaomba pia yasishuke chini ya pikseli 1400 kutoka juu, kwa video ya urefu wa 1920. Chini ya hapo Instagram huweka jina la akaunti na maelezo, na namba yetu ya simu katika toleo la kwanza ilikuwa imefunikwa huko huko. Niligundua hilo kwa kupandisha video kwenye akaunti ya majaribio, maana ukiitazama kwenye simu kama faili la kawaida kila kitu kinaonekana sawa.

Kwa muda wa kusoma, edita alinipa kipimo anachotumia: herufi 15 kwa sekunde, nafasi zikihesabiwa. Nikapitia maneno ya shemeji. Alisema, "Tutakapowafikisha kwenye fungu, maji yatakuwa yamekupwa." Ni herufi 55, zinataka karibu sekunde nne, na picha zilizokuwa juu yake zilikuwa na sekunde mbili na nusu. Nilifikiria kufupisha maandishi na kuacha sauti ilivyo, lakini mtu anayesikia jambo moja na kusoma jingine anasumbuka. Nikarudi kwa shemeji na simu, akasema upya: "Tukifika funguni, maji yamekupwa." Herufi 32. Sekunde mbili na ushee zinatosha, na kusema kweli yeye mwenyewe husema hivyo akiwa na wageni. Ile ndefu ilikuja kwa sababu aliiona kamera.

Kuhusu mahali pa kuvunja mstari, niliandika kanuni moja na mfano. Usiache "wa", "ya" au "la" lining'inie mwisho wa mstari. "Magofu ya msikiti wa" halafu chini "Kaole" inamfanya msomaji asimame hewani. Iwe "Magofu ya msikiti" na chini "wa Kaole". Kijana alikuwa hajawahi kuambiwa hivyo na mteja. Alisema programu huvunja panapojaa, basi.

Maandishi yote nikayaandika mimi mwenyewe, tahajia na mistari na muda, nikampa kama faili la `.srt` ili asilazimike kuchapa. La kwenye tanga lilikuwa hivi:

```
6
00:00:12,800 --> 00:00:15,600
Tunatweka tanga
upepo wa kusi umetulia
```

Linaondoka sekunde ya 15.6 kwa makusudi. Mdundo wa saba wa picha ile unaanguka pale pale, na tanga linapojaa sitaki mtu awe anasoma. Tuliacha bila maandishi mpaka sekunde ya 18.

Kuna jambo moja dogo la fonti. Tulikuwa na mahali penye neno "ng'ambo", na fonti ya kwanza aliyoichagua haikuwa na alama ile ya ritifaa, ikatoa kijisanduku kitupu. Sasa huwa namwomba mtu ajaribu fonti kwa neno lenye ng' kabla ya kuanza.

Sehemu ya mwisho ni faili la kutoa. Toleo la kwanza nilikuwa nimelipeleka kwenye nyumba ya wageni kwa flashi kwa furaha kubwa. Televisheni ikatoa sauti ya ngoma, kioo cheusi. Nilidhani flashi mbovu, tukajaribu ya pili, vile vile. Edita aliponiuliza faili limeandikwaje, ikaonekana lilitolewa kwa `H.265`, aina mpya inayobana zaidi, ambayo simu nyingi za sasa zinaichezesha bila shida lakini televisheni za zamani kidogo haziisomi picha yake. Kulikuwa na tatizo la pili pia: simu iliyotumika kupiga ilikuwa imewashwa `HDR`, yenye mwanga na rangi pana kuliko kawaida, na kwenye simu yangu tanga lilipendeza, ila kwenye simu ya mume wangu lilikuwa jeupe tupu, limeungua, mishono yake haionekani, na nyuso zimepauka. Klipu zilitakiwa zishushwe kwenye rangi za kawaida, `Rec. 709`, kabla ya kuhaririwa.

Kwa hiyo nikaandika waziwazi:

```
bagamoyo_30s_wima.mp4
H.264, 1080 x 1920, 30 fps, 12 Mbps
AAC, 48 kHz, stereo
Rec. 709 (SDR)
```

Fremu 30 kwa sekunde kwa sababu klipu zenyewe zilipigwa hivyo. Nilikuwa nimemwambia 25 kwa kuwa nilisikia ndiyo ya televisheni zetu, na picha ya kamera inayozunguka polepole ilikuwa inagotagota. Megabiti 12 kwa sekunde mara sekunde 30 ni megabiti 360, yaani megabaiti 45. Faili la ukubwa huo linatumika bila kuumiza bando, na ubora unabaki wa kutosha kwa Instagram kulibana mara yake. Nikasisitiza anitumie kwa Drive, au kama ni WhatsApp basi aliambatishe kama `Document`, maana likitumwa kama video linabanwa tena.

La pili liwe la kulala, `1920 x 1080`, vingine vyote vile vile. Hapa nilikubali ushauri wake. Klipu zetu nyingi zilipigwa kwa kulaza simu, na kuzigeuza wima kunabakiza chini ya theluthi ya upana wa picha. Kwenye nguzo za Kaole haidhuru, ni ndefu. Kwenye tanga alilazimika kuchagua kati ya shemeji na ncha ya foromali. Alichagua kumfuata shemeji kwanza kisha kusogea taratibu kwenda kwenye tanga linapojaa, na nadhani ni bora kuliko nilivyowaza. Safari iliyofuata niliipiga klipu ya kutweka mara mbili, ya wima na ya kulala, kwa siku mbili tofauti.

La tatu niliomba toleo safi, video nzima bila maandishi wala bei. Watu wengi hawaliombi, na mimi nilikuwa silijui mpaka edita mwenyewe alipolitaja. Msimu wa kaskazi ulipofika bei ilibadilika, na neno "kusi" lilikuwa si kweli tena. Tuliweka maandishi mapya juu ya toleo safi kwa nusu saa, bila kuhariri upya.

Ujumbe mzima ulijaa kurasa mbili za daftari. Nilimpigia kabla ya kuutuma nikamwambia ni mrefu, asione kama simwamini. Akasema, "Dada, mrefu ndio mzuri, mradi uje wote mara moja."

Rasimu ya pili ilikuja baada ya siku moja. Nilitazama mara tatu bila kuandika chochote, mara ya nne nikaandika marekebisho manne, kila moja na muda wake kwenye video: kwenye 0:07 mkono unaondoka ukutani kabla ya mkato, uache utulie, kwenye 0:10 mlango uko gizani, tumia ule wa `IMG_2019`, kwenye 0:21 maandishi yamekaa juu ya uso wa mtoto, kwenye 0:27 namba ya simu itokee mapema kidogo, mtu apate muda wa kuinakili. Kwenye tanga sikuandika kitu. Akarudisha usiku ule ule, mafaili matatu, majina kama nilivyoandika.

Kesho yake nilikwenda na flashi nyumba ya wageni. Mhudumu wa mapokezi alikuwa anafagia, ameipa televisheni mgongo. Video ilipofika pale ngoma inaposhuka na kitambaa kinapigapiga, aligeuka akasimama na ufagio mkononi, akatazama mpaka tanga likajaa.